Dirhamu 1,000 za hoteli bado zimeshikiliwa

"Nimetoka hotelini Dubai siku tisa zilizopita, bili nimelipa, mbona dirhamu 1,000 bado zimeshikiliwa kwenye kadi?"

Hoteli hawajazichukua, benki yako ndiyo imezifungia. Ulipoingia, mapokezi waliomba benki itenge hizo 1,000 kama dhamana. Ukitoka, wakikata bili kama muamala mpya badala ya kuimalizia kwenye ule wa kwanza, benki haijui kuwa dhamana imekwisha kazi. Inasubiri muda wake upite, na kwa hoteli na magari ya kukodi unaweza kufika siku 30. Nimekaa mapokezi miaka sita, kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Waandikie hoteli waondoe zuio, na wakupe namba ya idhini ya muamala ule wa kwanza. Ukiwapa benki namba hiyo, wanaliona zuio upesi. Kwenye simu likisomeka `Pending`, pesa hazijaenda. Kwa kadi ya debiti inauma zaidi, maana ni salio lako.

— Mimi za gari la kukodi zilikatwa kabisa, faini ya mwendo kasi!

Hiyo nyingine, ndugu. Yako ilikuwa deni.