Punguzo Lililotolewa Mara Mbili: Kwa Wanaoanza Kupanga Kanuni za Bei

Ndugu zangu mnaoingia sasa kwenye moduli ya mauzo, nimekuwa nikizipitia kanuni mnazoandika kwa ajili ya wasambazaji, na ninaona kila mmoja wenu anaanza pale pale nilipoanzia mimi. Akiambiwa kuwa kuna aina mpya ya mteja, anafungua `Pricing Rule` mpya, anajaza asilimia, anahifadhi, kisha anaenda kunywa chai. Kabla chai haijapoa, naomba mnisikilize.

1. Amueni kwanza mapunguzo yanakutanaje, kwa maana hilo si suala la mfumo bali ni la mkuu wa mauzo, naye mara nyingi hajawahi kuulizwa. Chukueni bidhaa yenye bei ya orodha 100, na mteja anayestahili asilimia 15 kwa kuwa ni muuzaji wa jumla, asilimia 10 kwa kununua katoni 50 au zaidi, na asilimia 5 kwa kulipa taslimu. Mkijumlisha, punguzo ni asilimia 30 na bei ni 70. Mkikata moja baada ya jingine, 100 inakuwa 85, kisha 76.5, kisha 72.675. Mkimpa lililo kubwa peke yake, bei inabaki 85. Ikiwa katoni moja inawagharimu 71, njia ya kwanza ni hasara, ya pili ni faida nyembamba, na ya tatu ndiyo inayolipa mishahara. Waulizeni watu wa mauzo, nao watajibu kwa pamoja kwamba mapunguzo "yanatolewa yote", kila mmoja akiwa na hesabu yake kichwani. Msiondoke kabla ya kupata mfano ulioandikwa kwa tarakimu, nao wameutia sahihi.

2. Punguzo moja likae mahali pamoja. Ama limo ndani ya orodha ya bei, ama limo ndani ya kanuni, kamwe lisiwe kotekote. Jambo hili nalijua kwa uchungu, nami nitalieleza kwa urefu.

Msambazaji niliyekuwa nikimhudumia alikuwa na kundi la wateja wa jumla, na kanuni moja iliyowapa asilimia 15 kutoka orodha ya kawaida. Baadaye akasaini mikataba na baadhi yao, akataka bei zao ziandikwe moja kwa moja ili zisitikisike orodha ya kawaida inapobadilika. Nikaunda kundi dogo la wateja wa mkataba chini ya lile la jumla, nikaliwekea orodha yake ya bei, na bidhaa ya 100 nikaiandika 85. Nikajiona fundi.

Nilichosahau ni kwamba katika ERPNext, mfumo niliokuwa nikiutumia, makundi ya wateja ni mti. Kanuni iliyofungwa kwenye kundi mzazi huwashika pia wateja walio katika makundi ya chini yake. Kwa hiyo mfumo ulichukua 85 yangu, ukaikata asilimia 15 tena, ukapata 72.25. Mteja aliyenunua katoni 50 alikatwa asilimia 10 nyingine juu yake, akauziwa kwa takriban 65.03 kitu kilichotugharimu 71. Alipaswa kulipa 76.5.

Mtaniuliza kama sikujaribu. Nilijaribu sana, lakini kwa mteja wa jumla wa zamani, ambaye bei yake ilitoka 85 kama karatasi ilivyosema. Kisha nikaifungua orodha mpya, nikaiona 85 kwa macho yangu, nikaridhika. Sikuingiza hata oda moja ya mteja wa mkataba.

Mtaniuliza pia kuhusu kikomo cha punguzo. Kilikuwepo, asilimia 25 kwenye kila bidhaa. Lakini kikomo hicho hutazama safu ya punguzo kwenye mstari wa ankara, na safu hiyo ilionyesha 23.5, yaani 15 na 10 zikikatwa kwa kufuatana. Punguzo lililokuwa limefichwa ndani ya `price_list_rate`, yaani bei ya orodha, halikuhesabiwa na mtu yeyote, ingawa kwa jumla mteja alikuwa amepewa karibu asilimia 35.

Na wateja je? Mteja aliyetozwa zaidi hupiga simu kabla gari halijatoka getini, ila aliyetozwa kidogo huongeza oda. Mauzo ya kundi lile yakapanda, maofisa mauzo wakapongezwa, nami nikapongezwa pamoja nao, jambo ambalo hadi leo linanikera. Aliyeligundua ni mhasibu, alipoipanga ripoti ya faida ghafi kwa kundi la mteja, kuanzia ndogo kwenda kubwa, akakuta kundi linalonunua kuliko yote limekaa juu kabisa likiwa chini ya sifuri.

Marekebisho yalikuwa ya uga mmoja. Kwenye kanuni ya asilimia 15 nilijaza `For Price List` kwa orodha ya kawaida, ili isiguse orodha nyingine yoyote. Ila kurekebisha kanuni hakubadilishi oda zilizokwisha kuidhinishwa, kwa sababu bei huganda kwenye mstari wa oda. Ilitubidi tuzipitie oda zote zilizokuwa bado kufikishwa, na kila mteja aelezwe na ofisa wake. Zile ankara zilizokwisha kutoka tuliziacha zilivyo. Huwezi kumfuata mtu umwambie kwamba ulimfurahisha kimakosa.

3. Jueni mfumo wenu unachaguaje kanuni. Wengi hudhani mfumo humtafutia mteja bei iliyo nafuu kuliko zote, na sivyo. Katika mfumo wa Odoo, kanuni za orodha moja husomwa kuanzia iliyo mahususi zaidi: ya toleo moja la bidhaa, mfano saizi au rangi, kisha ya bidhaa, kisha ya kategoria, kisha ya bidhaa zote, na zinapolingana, yenye kiwango cha chini cha kununua kilicho kikubwa zaidi hutangulia. Ya kwanza inayofaa ndiyo inayotumika, hata kama ya kategoria ingempa mteja bei ya chini zaidi. Katika ERPNext, kanuni mbili zinapogongana, `Priority` yenye namba kubwa ndiyo inayoshinda, kwa hiyo msiipe kanuni ya dharura namba 1 mkidhani mmeitanguliza.

4. Kiwango cha chini kinahesabiwa kwa kizio gani? Oda ya vipande 50 ikisomwa kama katoni 50, na katoni ina vipande 24, mmempa punguzo la lori mtu aliyechukua katoni mbili na ushee.

5. Kanuni ya ofa isiyo na tarehe ya mwisho si ofa, ni bei mpya.

6. Kabla ya kuwasha kanuni yoyote, andaeni jedwali la oda za majaribio: kila kundi la wateja, yakiwemo yale ya ndani kabisa ya mti, kwa katoni 49, 50 na 51, na bei inayotarajiwa ikiwa imekokotolewa kwa mkono na mtu wa mauzo, si na ninyi. Kisha washeni `Validate Selling Price for Item Against Purchase Rate or Valuation Rate` kwenye mipangilio ya mauzo. Ulinzi huo hulinganisha bei ya mwisho na gharama, hivyo haujali punguzo limefichwa wapi. Maofisa mauzo watalalamika siku ya kwanza oda ikikataliwa mbele ya mteja. Waombeni namba ya oda hiyo, kisha fungueni mstari wake.