Nadharia ya mabadiliko: andika pale mnyororo unapoweza kukatika

Ninapopitia andiko la utafiti, sehemu ya nadharia ya mabadiliko, yaani maelezo ya hatua kwa hatua ya jinsi shughuli zitakavyoleta badiliko linalotakiwa, huwa naisoma kuanzia mwisho. Sentensi ninayokutana nayo mara nyingi ni ya aina hii: "Wakulima watapewa mafunzo, hivyo sumukuvu kwenye mahindi itapungua." Hapo katikati pamerukwa karibu kila kitu.

Tuseme utafiti unafanyika Kongwa, Dodoma. Anza na unachokitaka: mahindi ya kaya yasizidi mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, ambacho ndicho kikomo cha Afrika Mashariki. Sasa rudi nyuma. Ili kuvu lisiendelee kukua ghalani, mahindi yawekwe yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kwa hiyo nani abadili nini? Mkulima akaushe juu ya turubai, asifunge gunia kabla ya kupima. Hayo ndiyo matokeo, kwa sababu uamuzi ni wake. Matokeo ya awali ni yale yaliyo mikononi mwenu: wakulima wanaojua kupima kwa chumvi kavu ndani ya chupa. Unatikisa chumvi na mahindi, unaacha kidogo. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15 hivi. (Kipimo hiki hakifiki 13.5, na andiko liseme hivyo.) Shughuli ni mafunzo yenyewe.

Kisha kwenye kila hatua uliza: ni nini tunakiamini bila ushahidi? Hapo ndipo dhana zinapokaa, na si kwenye jedwali la mwisho lenye "serikali itatoa ushirikiano".

Mfano, kati ya kujua kupima na kukausha kuna suala la mizani. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 18 zikikaushwa hadi 13.5 hubaki kama kilo 95. Mlanguzi anayelipa bei ileile kwa kilo anamwadhibu aliyekausha. Anayehifadhi chakula cha nyumbani ana sababu ya kukausha. Anayeuza wiki ya mavuno hana. Dhana ya pili ni nzito zaidi: sumukuvu huweza kuanzia shambani, hasa mvua zikikatika, na kukausha hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia. Msipopima sumu siku ya kuvuna, hamtajua kama mafunzo yalishindwa au mlichelewa tangu mwanzo.

Ningeandika hivi: "Tunatarajia wakulima waliofunzwa wakaushe mahindi ya kula nyumbani, si yale ya kuuza mara moja, kwa kuwa bei haitofautishi makavu na mabichi. Kupungua kwa sumukuvu kunategemea mahindi kutoka shambani yakiwa na sumu kidogo. Tutachukua sampuli wakati wa kuvuna na tena baada ya miezi mitatu ghalani, na kuuliza bei aliyolipwa kila muuzaji."

Dhana yoyote isiyokuletea kipimo au swali la utafiti, ifute tu.