Nilisikia "shhh" ya moyo, nikakosea wakati wake

*Shikamoo daktari. Niko mwaka wa tatu wa udaktari hapa Moshi. Jana kwenye raundi ya wodi ya watoto tulifika kwa binti wa miaka 13 kutoka Rombo. Anahema sana akipanda kilima cha kwao, na kitandani ameegemezwa mito. Mapigo yalikuwa 118 kwa dakika. Bingwa akatuambia tusikilize mmoja mmoja. Kwa mara ya kwanza nikasikia mvumo wa moyo kwa masikio yangu mwenyewe, chini ya titi la kushoto: "shhh-ta, shhh-ta". Akaniuliza uko kwenye sistoli au diastoli. Nikasema diastoli, maana niliusikia kabla ya pigo. Akasema siyo, tukahamia kitanda kingine. Nilikosea wapi, na ule mvumo ulikuwa unasema nini?*

Marahaba. Masikio yako hayakukosea. Umeandika "shhh-ta", na kwa mvumo wa aina ile ndivyo unavyosikika hasa. Kosa liko kwenye ile "ta": uliichukua kuwa sauti ya kwanza ya moyo, kumbe ni ya pili. Ukishaigeuza hiyo moja, kila kitu kinageuka nayo. Kinachotangulia sauti ya pili ni kujibana kwa moyo, yaani sistoli, lakini wewe ulijihesabia kuwa kinatangulia sauti ya kwanza, ukaishia diastoli, yaani kulegea kwake.

Kwa mgonjwa yule kulikuwa na mitego miwili kwa pamoja. Wa kwanza ni mwendo wa moyo. Mtu aliyetulia mwenye mapigo 70 kwa dakika, kila mzunguko humchukua kama sekunde 0.86. Moyo hujibana kwa takriban sekunde 0.3, halafu hulegea kwa muda uliobaki, ambao ni karibu mara mbili. Ndiyo maana kwa mwenzako wa bwenini unasikia "dup-ta", kimya kirefu, "dup-ta", na huhitaji kuuliza ipi ni ipi. Mapigo yakifika 118, mzunguko mzima ni nusu sekunde tu. Muda wa kujibana hupungua kidogo, ila ule wa kulegea unaliwa sana, mpaka vipindi viwili vinakaribiana. Kile kimya kirefu ulichozoea kujipimia hakipo tena.

Mtego wa pili ni vali yenyewe. Sauti ya kwanza hutokana na kufunga kwa vali zilizo kati ya vyumba vya juu na vya chini vya moyo, hasa ile ya kushoto, vali ya mitrali. Kama kingo zake zimekauka kwa makovu na hazikutani, hazigongi kwa nguvu. Isitoshe, mvumo unaanza papo hapo, ukaifunika hata hiyo sauti ndogo iliyobaki. Unabaki na pigo moja tu lililo wazi, nalo ni la pili. Mwanafunzi yeyote anayesikia pigo moja huliita namba moja.

Kwa hiyo kwa moyo unaokimbia usitegemee masikio peke yake kujua wakati. Tumia kidole. Stetoskopu ikiwa kifuani, weka ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto kwenye mshipa mkubwa wa shingo, pembeni ya koo, upande mmoja tu na kwa wepesi. Usitumie dole gumba, kwa kuwa lina mapigo yake unayoweza kuyadhania ya mgonjwa. Sauti inayokuja pamoja na msukumo ule, au kabla yake kwa kitambo kisichohesabika, ndiyo ya kwanza. Mvumo unaokwenda sambamba na msukumo ni wa sistoli. Kama ungefanya hivi jana, "shhh" ingekuja kidole kikiinuliwa, na "ta" ingekuja kidole kikishuka.

Wengi hushika kifundo cha mkono badala ya shingo, kwa sababu ndiko walikokwishahesabia mapigo. Damu huchelewa kufika huko. Kwa moyo wa taratibu ucheleweshaji huo hauna madhara, lakini kwa moyo wa 118 unatosha kukupeleka karibu na mwisho wa sistoli, ukarudi kwenye kosa lile lile huku ukiamini umehakikisha.

Ukiwa bado na shaka, usianzie kwenye ncha ya moyo. Anzia juu, nafasi ya pili kati ya mbavu, kando ya mfupa wa kidari. Huko sauti ya pili kwa kawaida ndiyo kubwa, kwa sababu uko karibu na vali zinazoitoa. Ishike sikioni, kisha shusha stetoskopu kidogo kidogo, kama upana wa vidole viwili kila hatua, bila kuipoteza ile "ta". Ukifika chini ya titi bado utakuwa unajua ni ipi, na utasikia mvumo ukizidi kujaza nafasi iliyo kabla yake.

Sasa ule mvumo unasema nini. Usiupe jina mpaka umejibu maswali mawili: umeenea vipi kati ya sauti mbili, na unaelekea wapi. Wa binti yule, kwa jinsi ulivyouandika, haukuwa na mwanzo wala mwisho wake. Ulikwenda moja kwa moja mpaka ukagonga "ta". Hiyo ni tabia ya vali ya mitrali inayovuja. Chumba cha chini cha kushoto kikijibana, shinikizo lake ni kubwa mno kuliko la chumba cha juu, na tofauti hiyo inadumu tangu mwanzo wa sistoli hadi mwisho. Damu inarudi nyuma muda wote huo kwa nguvu inayokaribia kuwa ile ile, na wewe unasikia "shhh" iliyonyooka.

Kisha sogeza stetoskopu kuelekea kwapa la kushoto. Mvumo wa mitrali inayovuja kwa kawaida hukufuata hadi huko. Hatua hii watu huiruka kwenye raundi kwa sababu ya haraka, nami naiona kuwa ya lazima, maana katika wodi za watoto za kwetu mvumo mwingine uko mwingi: wa upungufu wa damu. Mtoto aliyetoka kwenye malaria kali, damu yake ni nyepesi na inakwenda kwa kasi, hivyo vali nzima kabisa inavuma. Mvumo huo pia ni wa sistoli, lakini ni laini, unapanda na kushuka, na unakwisha kabla ya "ta". Husikika zaidi kando ya kidari na haufiki kwapani. Angalia viganja na ndani ya kope, uulize himoglobini ni ngapi. Lakini jihadhari: mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, kwa hiyo weupe wa kope hauifuti vali mbovu.

Tafuta pia ncha ya moyo kwa kiganja kabla ya kusikiliza. Mahali pake pa kawaida ni nafasi ya tano kati ya mbavu, kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga. Ukiikuta imeshuka na kusogea kuelekea kwapa, moyo umetanuka, na huo ni ushahidi mzito kuliko ukubwa wa sauti. Kelele za mvumo hazipimi ubaya wa vali. Moyo uliochoka sana unaweza kusukuma damu kwa unyonge hadi mvumo ukafifia, ilhali mgonjwa anazidi kuzama.

Kuna sauti nyingine ambayo pengine hakuna aliyeisikia jana, na kwa binti wa umri ule anayehema ni wajibu kuitafuta. Mwombe alale ubavu wa kushoto, kichwa kikiwa bado kimeinuliwa. Geuza stetoskopu utumie upande wa kengele, uutue juu ya ncha ya moyo kwa wepesi kiasi cha kugusa ngozi tu. Unatafuta mngurumo mzito wa chini, unaokuja baada ya "ta", ambao ni dalili ya vali ile ile iliyosinyaa isifunguke vizuri. Ukibonyeza kengele, ngozi inakazwa na kuwa kama ngozi ya ngoma, sauti nzito zinachujwa, na mngurumo unatoweka chini ya mkono wako. Ukiusikia mfupi pamoja na uvujaji mkubwa, usikimbilie kusema vali imesinyaa, kwani damu nyingi inayorudi kupita kwenye vali inaweza kuutoa. Hapo kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ndicho kitakachoamua.

Kwa umri wake, na kama mvumo unakwenda kwapani, la kwanza kufikiriwa ni ugonjwa wa moyo wa rumatiki, unaoanzia kwenye maambukizi ya koo ya bakteria wa streptokokasi kundi A. Muulize mama yake, si binti peke yake, kama aliwahi kuumwa maungio yanayohamahama, goti leo, kifundo kesho kutwa. Mara nyingi ilichukuliwa kuwa malaria au uchovu wa kuchota maji. Jibu hilo lina uzito, kwa sababu atahitaji kinga ya penisilini kwa miaka mingi: kwa kawaida benzathini penisilini yuniti milioni 1.2 msulini kila wiki 4 kwa mwenye kilo 30 au zaidi, na nusu yake kwa aliye chini ya hapo. Kwa aliyezidiwa na moyo, uamuzi wa sindano au vidonge ni wa bingwa, maana baadhi yao huanguka ghafla baada ya sindano.

Kama bado yuko wodini, rudi mchana, wakati wodi imetulia. Omba ruhusa kwake na kwa mama yake, na muuguzi awepo. Vuta pazia. Ni binti wa miaka 13 na jana alifunuliwa kifua mbele ya kundi zima. Pasha stetoskopu kiganjani. Hakikisha vipande vya masikioni vimeelekea mbele, upande wa pua, na kitenge hakigusi mpira, kwani msuguano wa nguo unafanana na mvumo kupita kiasi. Weka vidole shingoni, sikiliza mapigo kumi ukitafuta sauti ya kwanza peke yake, kumi mengine ya pili peke yake, ndipo uingie katikati.

Kisha andika kwa mpangilio huu: "Mvumo wa sistoli nzima, mkubwa zaidi kwenye ncha ya moyo, unaelekea kwapani, daraja la 3 kati ya 6, sauti ya kwanza hafifu, ncha ipo nafasi ya sita." Daraja na nafasi ya ncha uweke utakavyovikuta wewe. La 4 huanzia pale kiganja kinapohisi mtetemo. Na kama ameshaanza dawa ya kutoa maji na mapigo yameshuka hadi 90, andika namba hiyo pia, kwa sababu siku hiyo utasikia kimya ambacho jana hakikuwepo.