Jeshi Lako la Kubuni Linakula Nini Siku ya Kumi?

Sisi tunaoandika riwaya za falme za kubuni hapa Moshi hukutana Jumamosi moja kila mwezi na kusomeana kurasa. Anayejiunga kwa mara ya kwanza huja na ramani, bendera na orodha ya vyeo iliyopangwa vizuri: kuruta, askari, koplo, sajini, afisa mteule, luteni usu, luteni, kapteni, meja, kanali, mpaka jenerali. Huja pia na vita vya mwisho, vimeandikwa tayari. Bohari haimo. Ninawaandikia nyie mnaoanza kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi niliyekuwa nimetunza ghala la nafaka Arusha kwa miaka tisa, na lilinigharimu nusu ya mswada.

Jeshi langu nililiita jeshi la Shumbi. Lilikuwa na askari 1,000, lilitoka mlimani kwenda kuzingira ngome iliyo kando ya ziwa, mwendo wa siku 10 kwa miguu. Nchi yao haina magari wala reli, mizigo yote inabebwa kichwani na mabegani. Nilimpa jirani yangu kurasa hizo azisome. Ni mzee aliyestaafu jeshini. Alizirudisha kesho yake na swali moja: "Mwanangu, hawa vijana siku ya kumi wanakula nini?" Nikamjibu kwamba wanao wapagazi. Akanivutia kiti, akaniambia nichukue kalamu.

Fanyeni nami hesabu hiyo, kwa sababu mambo mengine yote yanatoka humo. Mpagazi anayetembea siku nyingi mfululizo, milima na mabonde, mpe kilo 25. Naye ni mtu, anakula. Weka kilo moja ya unga kwa siku, na askari vilevile kilo moja. Akienda siku 10 na kurudi siku 10, amekula kilo 20 kutoka kwenye mzigo wake mwenyewe. Anachoacha mbele ni kilo 5. Askari 1,000 wanahitaji kilo 1,000 kila siku inayopambazuka, kwa hiyo kila siku lazima wafike wapagazi 200. Kila mmoja wao yuko njiani siku 20 kabla hajawa tayari kubeba tena. Zidisha: wapagazi 4,000 wawe barabarani muda wote ili watu 1,000 wapate ugali. Bohari ya nyumbani inatoa kilo 5,000 kila asubuhi, zinafika 1,000.

Sasa isogeze ngome ile iwe siku 5 tu kutoka bohari. Mpagazi anakula kilo 10 na kuacha 15. Wanahitajika 67 kufika kila siku, na mzunguko ni siku 10, jumla yao 670. Njia imeongezeka mara mbili, kutoka siku 5 hadi 10, na wapagazi wameongezeka karibu mara sita. Hapa ndipo waandishi wengi tunapopotea, tunadhani umbali ukizidi mara mbili basi taabu nayo inazidi mara mbili.

Ongeza siku 2 tu. Mvua imenyesha, mito imejaa, njia ya siku 10 sasa inachukua siku 12. Mpagazi anakula kilo 24, anaacha kilo moja. Ili askari wale wale 1,000 wale, inabidi wafike wapagazi 1,000 kwa siku, kila mmoja akiwa na mzunguko wa siku 24. Ni watu 24,000. Hakuna mfalme wa mlimani mwenye watu hao. Na njia ikifika siku 13, mzigo wote hautoshi hata kumlisha mbebaji wake. Jenerali wangu angeweza kuwa hodari kuliko simba, mvua ya wiki moja ingelimaliza jeshi lake bila adui kurusha mkuki.

Anayedhani nimezidisha chumvi asome yaliyotokea hapa kwetu. Aprili 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wapanda farasi wa van Deventer wa upande wa Waingereza, chini ya amri ya Jenerali Smuts, walitoka Arusha kuelekea Kondoa Irangi, zaidi ya kilomita 200. Waliuteka mji huo mwezi huo huo. Lakini masika yaliwakuta. Njia ya nyuma yao ikageuka tope, magari na mikokoteni ikakwama, farasi wakafa kwa wingi kwa maradhi na uchovu, na waliofika Kondoa wakakaa wamedhoofu na kukosa chakula cha kutosha. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, akaja kuwashambulia hapo hapo mwezi Mei. Hakufanikiwa kuwatoa, ila wao nao hawakuweza kusonga. Dodoma waliingia mwisho wa Julai. Ukiitazama ramani peke yake utashangaa kwa nini walioteka Kondoa upesi hivyo walikaa muda mrefu namna ile. Jibu liko nyuma yao barabarani. Na jina la Kariakoo pale Dar es Salaam linatokana na kikosi cha wabeba mizigo cha vita ile, watu waliokufa kwa makumi ya maelfu. Ukiandika wapagazi wako, kumbukeni hilo, wapeni majina.

Mtaniuliza kwa nini jeshi lisile vijijini. Linaweza, likiwa linatembea. Leo linamaliza kijiji hiki, kesho liko kingine. Likisimama kuzingira ngome, vijiji vya jirani vinakwisha na watu wanahama na mifugo yao. Punda nao wanasaidia, kwa sababu hujilisha majani, lakini punda anayekula majani hatembei, na kwenye pori lenye mbung'o utawapoteza.

Dawa niliyoipata ni maghala ya njiani, na faida yake ilinishangaza. Weka ghala kila mwendo wa siku moja. Mpagazi wa ghala la tatu anabeba kilo 25 hadi la nne, anarudi mikono mitupu, amekula kilo 2, na kesho kutwa anabeba tena mzigo kamili. Hakuna anayetembea siku 20 akipunguza mzigo wake mwenyewe. Kwa kila kipande, kilo 25 zinazotumika zinafikisha 23. Rudia mara 10 na utaona kwamba bohari ya nyumbani inatakiwa kutoa kama kilo 2,300 kwa siku badala ya 5,000, na wapagazi wote ni kama 1,300 badala ya 4,000. Mvua ikiongeza vipande viwe 12, wanafika kama 1,700. Ni taabu, lakini nchi ndogo inaweza kuibeba.

Bei yake ni kwamba sasa una milango kumi ya kulinda. Walinzi nao wanakula, na hesabu yangu ya juu haijawaweka. Unga ukiwekwa chini bila chanja unapata unyevu na kuvunda, nimeyaona hayo kwenye ghala lenye sakafu ya saruji, sembuse kibanda cha miti. Na adui mwenye akili haji kwenye ngome yako. Anachoma ghala la sita.

Hapa ndipo vyeo vinapopata kazi. Kila ghala linamhitaji mtu wa kushika funguo na leja, na mtu huyo kwa kawaida ni koplo au sajini. Sasa fikirini: kombania inapita usiku, imenyeshewa, kapteni wake anasimama mlangoni na kudai magunia matano zaidi ya mgawo. Si rahisi sajini kumkatalia kapteni, ndivyo jeshi lilivyo. Anatoa. Siku nne baadaye, upande wa mbele, kuna watu 400 hawajala, na hakuna ajuaye kwa nini, kwa sababu leja haikuandikwa. Kwenye ghala nililolitunza tuliwahi kupungukiwa kwa namna hiyo hiyo: mkubwa mmoja alichukua magunia kwa mdomo tu, na wa kuulizwa nikawa mimi.

Kwa hiyo kwenye jeshi la Shumbi nililazimika kubuni sheria ambayo orodha yangu ya vyeo haikuwa nayo. Sajini wa ghala yuko chini ya mkuu wa ugavi peke yake, ambaye ni kanali, na magunia hayatoki bila hati yenye muhuri wake. Kapteni anabaki kuwa mkubwa wake kwa saluti na kwa kila jambo jingine, isipokuwa mlango ule. Sheria hiyo ilinizalia visa vingi kuliko vita vyenyewe. Kuna sajini anayekataa akapigwa, kuna anayekubali kwa huruma, kuna anayeuza. Ukitaka kujua kama jeshi la mtu limebuniwa kweli, muulize nani anaweza kumwamuru mshika funguo.

Kuhusu ari, nimefikia mahali ambapo siamini tena hotuba ya jenerali juu ya jiwe. Askari huvumilia posho ndogo akiambiwa mapema na wote wakapunguziwa sawa, pamoja na maafisa. Kinachomvunja ni kutojua. Akiahidiwa kilo akapata nusu, kesho akapata nzima, kesho kutwa akakosa, anaanza kuficha unga kwenye nguo. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ninayoiandika, kwa sababu haionekani kwa maafisa. Ya pili iko nyuma: wapagazi wanaanza kutoroka usiku, hasa kwenye kipande kilicho karibu na kwao, na kila anayetoroka anapunguza kilo 23 kila siku ya pili. Kisha orodha ya wagonjwa asubuhi inarefuka ingawa homa haijaongezeka. Doria zinazotumwa mbali zinarudi mapema na kusema hazikuona kitu. Kutoroka kwa askari wenyewe huja mwisho. Mwandishi akianza na hapo, ameruka sura nne nzuri.

Niliandika upya nusu ile ya mswada. Vita vya mwisho bado vipo, vimebaki kurasa tatu. Sura ndefu kuliko zote sasa iko kwenye ghala la saba, mvua ikiwa siku ya tano, kivuko kimechukuliwa na mto, na sajini ana magunia 11 ya kilo 100 na njia mbili za kuyapeleka. Watu 1,000 watayala kwa siku moja na kidogo. Hati ya kanali haijafika. Mlangoni amesimama kapteni, na nyuma yake wapo askari 90 wanaotetemeka kwa baridi. Yule jirani yangu aliisoma akiwa amekaa barazani, alipofika hapo akaniuliza kama gunia la kumi na moja ni kavu.