Jigi ya pini za pogo: usiiachie bodi ijisahihishie mtihani

Bodi tano za elektroniki unaweza kuzipima kwa multimita na macho. Zikifika hamsini utaanza kuruka vipimo bila kujijua, na hapo ndipo jigi inapotakiwa, yaani kifaa kinachoibana bodi juu ya pini zenye springi, hizo za pogo, na kuipima. Tuchukue bodi ya kawaida: maikrokontrola ya STM32, kihisi cha BME280 kinachopima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, regyuleta ya volti 3.3, na mawasiliano ya RS-485.

Kazi inaanza kwenye mchoro wa bodi yenyewe. Weka vituo vya kupimia vyote upande wa chini, vya duara lenye upana wa mm 1.5, vikiachana mm 2.54, ili pini za aina ya P75 zienee bila kugusana. Kwa jigi, agiza bodi mbili tupu zenye matundu mahali palepale, uzipandanishe zikiwa zimeachana kama sentimita moja. Pini ikipita kwenye zote mbili husimama wima. Ikishikwa na moja tu italala. Waya uchomee kwenye kishikio cha pini, siyo kwenye pini, kwani pini huchakaa na utataka kuichomoa bila kuwasha pasi ya kulehemu. Bodi ikae mahali pake kwa nguzo mbili zinazoingia kwenye matundu ya skrubu, usitegemee kingo zake. Kumbuka pia kwamba pini 20 zenye springi ya gramu 100 kila moja huisukuma bodi kwa uzito wa kilo 2, hivyo kibanio kiikandamize karibu na pini, isije ikajikunja na kupasua kapasita.

Sasa mtihani. Kabla ya kuipa bodi umeme, jigi ipime ukinzani kati ya laini ya 3.3 V na graundi. Ikisoma omu chache, kuna shoti, ishia hapo. Ikiwa salama, washa umeme kwa kikomo cha miliampea 100 na upime ile 3.3 V kupitia pini yake ya pekee, isiyobeba mkondo.

Wengi huuliza kwa nini jigi ihangaike na kipimo hiki wakati chipu ina kipima volti chake. Ni kwa sababu kwenye bodi kama hii chipu hupima ikilinganisha na 3.3 V ileile. Regyuleta ikitoa 3.0, kigawanya volti kinacholishwa nayo kitaonekana sawasawa. Rula ikisinyaa pamoja na kitambaa, kipimo hakibadiliki. Kwa hiyo volti ipimwe kutoka nje, na programu dhibiti ya majaribio iachiwe yale inayoyaona vizuri zaidi, yaani yaliyo ndani ya bodi.

Mfano mzuri ni kihisi. Usiridhike kwamba kimejibu. Soma namba ya utambulisho wake:

```c
uint8_t id = i2c_soma(0x76, 0xD0);
if (id != 0x60) feli("BME280", id);
```

Kwenye kundi moja tulilowahi kupokea, baadhi ya bodi zilisoma joto vizuri kabisa, lakini jigi ilikuwa ikizikataa kwa `0x58`. Hiyo ni namba ya BMP280, ndugu yake asiyepima unyevu. Ndiyo maana nasisitiza programu iandike thamani iliyopatikana, siyo neno "FELI" peke yake: `0x58` inakuambia chipu ni nyingine, kutojibu kabisa kunakupeleka kwenye risasi na waya za data.

Kwa RS-485, chipu kujitumia ujumbe na kujisikia haitoshi. Jigi iwe na kipokezi chake, ijibu. Na pini isiguse kituo kilicho kabla ya konekta, maana konekta isiyochomewa itafaulu. Iguse mguu wa konekta wenyewe, kwa pini yenye kichwa cha kikombe. Hata hivyo springi inaweza kuusukuma mguu uliolegea ukagusa shaba, kwa hiyo jicho bado lina kazi hapo.

Mabaki ya flaksi ya kulehemu, yanayozuia pini kugusa vizuri, ndiyo yatakayokusumbua kila siku. Bodi ikifeli, ifungue na uibane tena mara moja tu, lakini rekodi zote mbili zibaki, chini ya namba ya kipekee ya biti 96 iliyomo ndani ya STM32 nyingi. Kituo kilekile kikifeli kwenye bodi mbili zinazofuatana, shuku pini kwanza, uisugue kwa brashi na spiriti ya isopropili.

Kila asubuhi pitisha bodi nzima unayoiamini, kisha moja uliyoing'oa kihisi makusudi. Jigi ikiipitisha hiyo ya pili, usianze kazi. Na mwisho wa kila mtihani, pakia programu ya mteja na usome toleo lake kupitia RS-485 kabla ya kufungua kibanio. Bodi iliyobaki na programu ya majaribio hufaulu kila kitu mezani, ikafeli kwa mteja.