Kununua hati fungani hushushaje riba?

"Kama riba ya benki kuu imeshafika sifuri, kununua hati fungani kunashushaje riba ya miaka 10? Si kuchapisha noti tu?"

Anayesema ni kuchapisha noti tu amepatia nusu: fedha ni mpya kweli, lakini huingia kama salio la benki za biashara katika benki kuu, na salio hilo si lazima ligeuke mkopo. Kazi yenyewe hufanyika kwenye bei. Chukua hati ya miaka 10 yenye thamani ya 100, inayolipa 3 kila mwaka. Mnunuzi mkubwa kama benki kuu akiingia sokoni na bei ikapanda hadi karibu 109, malipo yale ya 3 hayabadiliki, ila anayeinunua leo na kuishikilia hadi ikomae atarudishiwa 100 tu, kwa hiyo pato lake hushuka hadi takriban asilimia 2 kwa mwaka. Waliouza nao hukimbilia hati za kampuni, na huko pia riba hulegea. Tangu Marekani ilipoanza njia hii mwishoni mwa 2008, wachumi bado wanabishana ni kiasi gani cha mshuko hutokana na ununuzi wenyewe, na kiasi gani na ishara kwamba riba haitapandishwa karibuni.