Akiba ya siku 2 haitoshi kila dawa

"Nina duka la dawa. ALu na ORS zote zinatoka wastani wa paketi 20 kwa siku, mzigo hufika baada ya siku 9. Naweka akiba ya siku 2 kwa zote, mbona ORS ndiyo inaisha?"

Ndugu, wastani ni sawa, ila mauzo ya ORS yanapandashuka zaidi. Weka mauzo ya kila siku kwenye Excel, kisha andika `=STDEV.S(B2:B61)`, inayopima mauzo yanavyopandashuka. Tuseme ALu inatoa 6 na ORS 14. Zidisha kwa kipeuo cha pili cha siku 9, yaani 3, halafu kwa 1.65, ili katika oda 100 takriban 95 zifike kabla rafu haijakauka.

ALu: 1.65 × 6 × 3, karibu paketi 30, sawa na siku 1.5.
ORS: 1.65 × 14 × 3, karibu 70, siku 3.5.

Kwa hiyo 40 zako zinazidi kwa ALu na zinapungua sana kwa ORS. Agiza ORS zikibaki 250, yaani 180 za kusubiria mzigo na 70 za akiba.

Siku ambazo dawa ilikuwa imeisha usiziandike sifuri, ziache wazi. Ukiandika sifuri, wastani unashuka na utaagiza kidogo tena. Na kama msambazaji huchelewa mara kwa mara, hesabu hii haitoshi, maana imechukulia siku 9 hazibadiliki.